Pima Rola Kabla Hujatuma Pesa

Wafanyabiashara wenzangu, najua baadhi yenu mna picha za waya kwenye simu sasa hivi, na muuzaji wa Guangzhou anawaambia bei hii mwisho Ijumaa. Anataka asilimia 30 ya malipo ya awali, na iliyobaki kabla mzigo haujapakiwa. Kabla hamjatuma hiyo 30, nisikilizeni.

Nianze na kosa langu. Niliwahi kuagiza rola 150 za waya wa 2.5 kwa sababu picha zilikuwa safi: boksi jipya, nembo inayong'aa, jina ninalolifahamu. Mzigo ulipofika, fundi mmoja alikata kipande, akakwangua kwa kisu. Wekundu wa shaba ukatoka, chini yake kukawa na weupe wa alumini. Nembo niliyoiamini ndiyo kitu rahisi kuliko vyote kuiga. Boksi huchapwa kwa siku moja.

Kwa hiyo picha ya boksi haitoshi. Ombeni picha tatu nyingine, na zote zipigwe siku hiyo hiyo, kukiwa na karatasi yenye jina la duka lako na tarehe. Muuzaji mwenye mzigo mkononi atazipiga kwa nusu saa. Anayesema mpigapicha hayupo, huenda picha alizokutumia amezichukua kwa mtu mwingine.

Picha ya kwanza ni maandishi yaliyochapwa kwenye waya wenyewe, si kwenye boksi. Waya mzuri una jina la mtengenezaji, ukubwa, volti na kiwango, na maandishi hayo hujirudia kila baada ya hatua fupi. Yasomeni herufi kwa herufi. Jina la kuiga hubadilisha herufi moja tu, na jicho lenye haraka huliruka. Kama boksi lina jina moja na waya hauna jina lolote, acheni.

Picha ya pili ni ncha iliyokatwa na kukwanguliwa, ikisogezewa sumaku kwa video. Shaba ni nyekundu hadi katikati, na sumaku haiishiki. Weupe ndani maana yake ni alumini au chuma kilichopakwa shaba. Sumaku ikinasa, hicho ni chuma.

Picha ya tatu ndiyo ninayoitegemea zaidi: rola nzima juu ya mizani. Hapa hesabu inasema yenyewe. Waya wa milimita 2.5 za mraba wenye urefu wa mita 100 una sentimita za ujazo 250 za shaba. Kila sentimita moja ya ujazo ina karibu gramu 9, kwa hiyo shaba peke yake ni takriban kilo 2.2. Ongeza ganda la plastiki, unafika karibu kilo 3.

Rola ya alumini iliyopakwa shaba, kwa urefu huo huo, haifiki kilo 2. Rola ya shaba halisi iliyopunjwa unene inacheza kwenye kilo 2 na kidogo. Na rola ya yadi 100, ambayo wengi wanaiuza kama mita 100, ina mita 91 tu. Itapungua kama robo kilo. Si waya mbaya, lakini usilipe bei ya mita 100.

Mizani nayo huchezewa. Mwambieni aweke kwanza chupa ya maji ya lita 1 iliyojaa, kisha rola, katika video moja isiyokatwa. Chupa lazima isome kilo 1 na kidogo. Ikisoma kilo 1 na nusu, mizani ndiyo inayodanganya.

Uzito unawapa pia kipimo cha bei. Miaka ya karibuni shaba ghafi imeuzwa zaidi ya dola 8,000 kwa tani, yaani zaidi ya dola 8 kwa kilo. Kilo 2.2 ni karibu dola 18 kabla ya plastiki, kazi na faida. Anayekuuzia rola kamili kwa dola 12 hana waya wa shaba wa 2.5. Msibishane naye bei, ondokeni.

Shaba ikiwa halisi, bado kuna suala la jina. Waya mzuri wenye chapa ya kuiba nao ni bidhaa bandia. Ukikamatwa na Tume ya Ushindani, mzigo huteketezwa, na hasara ni yako wewe uliyeuingiza. Usitegemee msimbo wa mistari: tarakimu za mwanzo hazisemi bidhaa imetengenezwa wapi, na mistari hiyo hunakiliwa kama nembo.

Njia za bure za kukagua jina ni mbili. Kwanza, fungua branddb.wipo.int, weka picha ya nembo, uone nani mwenye nembo inayofanana. Kumbuka usajili una mipaka: muuzaji aliyesajili jina China hana haki nalo hapa kwa sababu hiyo. Kwa Bara ulizeni BRELA. Zanzibar ina daftari lake. Pili, chukua anwani kutoka tovuti ya mwenye chapa, si ile aliyokupa muuzaji, umtumie picha ya waya na namba ya toleo. Muulize kama muuzaji huyo ameruhusiwa. Asipojibu, usihesabu kimya kama ndiyo.

Sasa gharama. Tuseme unaagiza rola 200 kwa dola 22, jumla dola 4,400. Hatua ya kwanza ni picha na video: zinakugharimu bando tu, na zinawachuja matapeli wengi, ila zinaonyesha rola moja aliyoichagua yeye.

Sampuli ni hatua ya pili. Rola moja pamoja na kuisafirisha kwa ndege tuseme dola 50, na unapoteza wiki moja au mbili. Ukigawa, ni senti 25 kwa rola. Kwa oda ya ukubwa huu, hapo ndipo pesa yako inapolipa.

Hatua ya tatu ni mkaguzi anayekwenda ghalani kufungua maboksi anayoyachagua yeye. Mara nyingi hutoza dola 200 hadi 300 kwa siku. Kwa rola 200 peke yako, dola 250 ni zaidi ya dola 1 kwa kila rola, inauma. Lakini wanne wetu tukiagiza pamoja rola 800 kutoka ghala moja, inashuka hadi senti 31. Hiyo ndiyo kazi ya chama chetu cha wafanyabiashara.

Kuna gharama iliyojificha: sampuli nzuri, mzigo mbaya. Kata mita 1 ya sampuli, uihifadhi. Kwenye oda andika uzito wa chini wa rola, mita, na kwamba malipo ya mwisho yanategemea video ya mizani siku ya kupakia, kwa rola tano unazozitaja wewe kwa namba za maboksi.

Mwenye picha za waya kwenye simu, amwandikie muuzaji leo: chupa ya maji, mizani, rola. Asilimia 30 ibaki mfukoni mpaka video ifike.