Mzee anasahau siku ya wiki: Je, wosia wake unasihi?

Mara nyingi mgogoro wa mirathi huanza baada ya tanga kuondoka. Wosia unafunguliwa, mtoto mmoja anasimama na kusema, "Baba alikuwa amekwisha kusahau. Hakujua alichokitia saini." Mwingine anajibu kwamba baba alikuwa na akili zake hadi siku ya mwisho. Mwenye kauli amelala kaburini, hawezi kuulizwa tena. Ndiyo maana iko taarifa ya daktari inayoandikwa mzee angali hai, ambayo kazi yake ni kumjibu hakimu swali moja: je, siku ile mzee huyu aliweza kuusia?

Ili tuone taarifa hiyo inavyojengwa, tumetunga mfano. Hautokani na familia yoyote tunayoijua, ingawa hali zake si ngeni kwa watu wa Mara.

Mzee wa miaka 78 anaishi katika nyumba yake Nyasho, mjini Musoma. Ana shamba Bunda na ng'ombe 20 wanaochungwa Butiama. Ana mke mmoja, wana wawili na mabinti watatu. Mwanawe wa tatu alikwisha kufariki na kuacha watoto wawili wa kiume. Kwa sheria ya Kiislamu wajukuu hao hawarithi maadamu wana wa mzee wako hai, basi mlango wa kuwapa kitu baada ya kufa kwake ni wosia. Mzee anataka kuwaachia shamba la Bunda na ng'ombe 10. Tatizo ni kwamba tangu mwaka jana anarudia hadithi ileile, anapoteza funguo, na daktari amekwisha kuandika kwamba ana dalili za mwanzo za demensia, yaani ugonjwa wa usahaulifu.

Ugonjwa si hukumu

Jambo la kwanza ambalo daktari anayejua kazi yake huliandika ni kwamba jina la ugonjwa halijibu swali la hakimu. Katika fiqhi, mwenye kuusia sharti awe na akili na awe ameusia kwa hiari yake. Hapakutajwa kwamba asiwe na maradhi. Saad bin Abi Waqqas (RA) alikuwa mgonjwa kitandani alipomuuliza Mtume (SAW) kuhusu kuusia mali yake, naye akaruhusiwa thuluthi, akaambiwa kwamba hata hiyo thuluthi ni nyingi.

Mahakama za nchi zilizorithi sheria ya Kiingereza nazo hurejea kesi ya mwaka 1870, Banks dhidi ya Goodfellow. John Banks aliamini kwamba mtu aliyekwisha kufa alikuwa akimfuatafuata. Juu ya hayo wosia wake ulikubaliwa, kwa kuwa dhana ile potofu haikuingia katika namna alivyogawa mali yake. Kutokana na kesi hiyo daktari hupima mambo manne: je, mzee anafahamu kwamba anaandika wosia na kwamba utafanya kazi baada ya kufa kwake? Anaijua mali yake kwa ujumla? Anawajua watu wenye haki ya kufikiriwa? Na je, hakuna fikra ya ugonjwa iliyopotosha uamuzi wake?

Iko sababu ya kitabibu ya kupima hivyo. Katika aina iliyozoeleka ya demensia, kumbukumbu ya mambo mapya huanza kuondoka kabla ya ile ya zamani. Mtu anaweza kusahau alichokula asubuhi, na bado akalijua vyema shamba alilolima miaka 40. Lakini pia anaweza kuzungumza kwa heshima na uchangamfu hata mgeni asitambue kwamba mengi yamekwisha kupotea. Kumtazama tu hakutoshi.

Mazungumzo ya faragha

Katika mfano wetu daktari alimwona mzee mara mbili, ziara zikipishana siku kumi, zote asubuhi wakati mzee huwa mchangamfu zaidi. Kabla ya yote alihakikisha kwamba hana homa, maambukizi ya mkojo, wala dawa mpya inayolevya, kwa kuwa hayo huweza kumvuruga mzee kwa siku chache kisha yakaondoka. Alihakikisha kwamba anasikia vizuri. Kisha akawaomba watoto watoke. Mtoto akikaa karibu humsaidia baba kujibu, na taarifa hugeuka kuwa ya mtoto. Kama mzee angehitaji mkalimani wa Kizanaki au Kijita, asingekuwa mrithi wala mwenye kuusiwa.

Maswali hayakuwa ya kujibiwa ndiyo au hapana. Majibu yaliandikwa kwa maneno ya mzee mwenyewe:

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mwanangu."

"Nimeambiwa kuna jambo unataka kuandika. Hebu nieleze ni jambo gani."

"Nataka wale yatima wapate kitu nikiondoka. Baba yao angekuwa hai, angerithi. Wao hawarithi. Kwa hiyo nawaandikia shamba la Bunda, na ng'ombe kumi."

"Kwa nini usiwape vyote?"

"Siwezi. Wosia ni thuluthi. Kilichobaki ni cha warithi, Mungu amekwisha kugawa."

Jibu hilo la mwisho ni ushahidi mzito, kwa kuwa mzee hakutaja tu anachotaka. Ameeleza mpaka wa kile anachoruhusiwa. Daktari aliandika: amefahamu tendo na matokeo yake.

Alipoulizwa mali yake, alitaja nyumba ya Nyasho, shamba na ng'ombe. Alisema ng'ombe ni 23. Daktari alilinganisha na maelezo ya mchungaji wa Butiama, akakuta 20. Je, amekosea mtihani? Daktari aliandika kwamba hapana, akaeleza sababu: sharti ni kuijua mali kwa ujumla, si kuihesabu kama karani. Kama angesema ana ng'ombe 200, au angesahau kwamba ana nyumba, hitimisho lingekuwa jingine. Alimtaka pia akadirie thamani. Kwa makadirio ya familia, nyumba ni shilingi milioni 60, shamba milioni 18, na ng'ombe milioni 12, jumla milioni 90. Deni ni milioni 6, ambalo hulipwa kabla ya wosia. Zinabaki milioni 84, na thuluthi yake ni milioni 28. Shamba na ng'ombe 10 ni milioni 24. Kusudio la mzee limo ndani ya mpaka alioutaja mwenyewe.

Wenye haki aliwataja wote: mke, wana wawili, mabinti watatu, na wajukuu wawili kwa majina yao.

Penye ugumu

Ugumu ulikuwa katika jambo la nne. Mzee alisema, "Mwanangu mkubwa ni mwizi. Ameuza ng'ombe wangu wawili." Daktari mvivu angeandika kwamba mzee ana dhana za ugonjwa, na angefunga faili. Mwingine mvivu angeliacha neno hilo lisionekane, ili taarifa ipendeze. Yote mawili yangeuangusha wosia au kuudhulumu ukweli.

Daktari huyu alifuatilia. Ng'ombe wawili waliuzwa kweli, kwa idhini ya mzee, ili agharimie matibabu yake. Alikuwa amesahau. Alipoelezwa, alinyamaza, kisha akasema, "Kama ni hivyo, nimemdhulumu." Hapo ikaonekana tofauti: dhana ya ugonjwa haikubali ushahidi, lakini kosa la kumbukumbu hukubali.

Katika ziara ya pili mzee alikuwa amesahau maelezo yale, akarudia kwamba mwanawe ni mwizi. Daktari hakulificha hilo. Aliuliza tena, bila kumkumbusha, anataka nini kiandikwe. Jibu likawa lilelile: shamba na ng'ombe 10 kwa yatima, kwa sababu ileile. Hapo ndipo hoja ya taarifa nzima ilipo. Tuhuma ilikuwapo kabla ya kusahihishwa, ikaondoka, ikarudi, na uamuzi haukutikisika hata kidogo. Kama uamuzi ungezaliwa na tuhuma, ungebadilika pamoja nayo. Zaidi ya hayo, wosia haumnyimi mwana mkubwa fungu lake la Kisharia, wala haumpendelei ndugu yake. Daktari alihitimisha kwamba, kwa uwezekano ulio mkubwa zaidi, fikra ile haikuuongoza wosia.

Fikiria lau mzee angesema, "Nawapa yatima shamba ili yule mwizi asilipate." Sababu ingekuwa imesimama juu ya kosa, na hitimisho lingelazimika kugeuka hata kama maneno ya wosia yangekuwa yaleyale.

Alama na mipaka yake

Daktari alitumia pia kipimo kifupi kiitwacho IDEA, kilichotengenezwa kwa utafiti uliofanyika wilayani Hai, Kilimanjaro, na kinachomfaa hata asiyejua kusoma. Mzee hukumbuka maneno aliyosomewa, hutaja wanyama kwa dakika moja, na hupanga njiti za kiberiti kwa umbo alilooneshwa. Alama ni 15. Mzee wetu alipata 9, alama inayoashiria kwamba demensia inawezekana. Alikosea siku ya wiki. Daktari aliiandika alama hiyo, akasema kwamba inathibitisha udhaifu wa kumbukumbu, lakini hakuna swali lolote ndani yake kuhusu thuluthi, shamba au yatima. Kwa hiyo haiwezi kuamua peke yake, si kwa kukubali wala kwa kukataa.

Taarifa pia ilieleza mipaka yake. Inahusu siku mbili zile na wosia ule mmoja. Haisemi kwamba mzee anaweza kuuza nyumba au kuendesha biashara, wala haitafaa baada ya mwaka, kwa kuwa ugonjwa huu husonga mbele. Kwa sababu hiyo wosia uliandikwa siku ya ziara ya pili, mbele ya mashahidi wawili waadilifu wasionufaika nao. Tena daktari alisema kwamba hakuona dalili ya mzee kushinikizwa, lakini shinikizo ni swali jingine ambalo hakimu hulipima kwa ushahidi mwingine. Mahakama ya mwanzo, ambayo husikiliza mirathi ya Waislamu kwa sheria ya Kiislamu, ndiyo huamua. Daktari ni shahidi tu.

Linganisha na cheti cha mstari mmoja: "Nimemwona mzee huyu, ana akili timamu." Hakimu hawezi kujua daktari aliuliza nini, mzee alijibu nini, wala nani alikuwa chumbani. Wakili wa upande wa pili atauliza swali moja tu, "Ulijuaje?", na cheti hakitakuwa na jibu. Anayemwombea mzazi wake taarifa ya namna hii na aisome kabla ya kuipokea. Kila hitimisho lifuatwe na neno "kwa sababu", na baada ya neno hilo yasomeke maneno ya mzee mwenyewe.

Wallahu aalam.