Kadi kwa Kadi: Tarakimu Kumi na Sita na Jina Lisiloonekana

Mnunuzi wa ndizi aliye Voi anadaiwa shilingi 40,000 na mkulima wa Taveta. Mzigo ulipakiwa kwenye lori Jumamosi, siku ya soko, na mkulima anataka pesa zake ziingie benki, si kwenye simu, kwa sababu mkopo wake hukatwa kwenye akaunti hiyo. Nambari ya akaunti haikumbuki, lakini kadi anayo mkobani. Mnunuzi anampigia simu.

"Mama, nisomee tarakimu za mbele ya kadi, nne nne."

"Na zile tatu za nyuma?"

"Hizo usimpe mtu yeyote, hata mimi."

Mnunuzi amejibu sawasawa. Kadi ya benki hufanya kazi za namna mbili, na kila moja ina masharti yake. Unapolipa dukani au mtandaoni, muuzaji anavuta pesa kutoka kwako, kwa hiyo benki yako inataka ushahidi kwamba kweli ni wewe: nambari ya siri, tarehe ya mwisho wa kadi, zile tarakimu tatu za nyuma, au nambari ya mara moja inayoletwa kwa ujumbe. Katika kutuma kadi kwa kadi, pesa zinasukumwa kuelekea kadi ya mpokeaji. Ushahidi unatakiwa upande wa mtumaji tu, naye ameshautoa alipofungua apu yake kwa nambari ya siri. Kadi ya mpokeaji hapa ni anwani, basi. Mtu akikuambia umpe tarakimu za nyuma au nambari ya ujumbe ili "upokee" pesa, anataka kuvuta. Hata kupiga picha ya kadi na kumtumia mtu si vizuri, maana picha ya upande wa mbele mara nyingi huonyesha pia tarehe ya mwisho, na mtumaji hana haja nayo.

Kwenye apu, mnunuzi anachagua kutuma pesa, kisha kwa kadi. Katika baadhi ya benki za Kenya njia hii imo ndani ya menyu ya PesaLink, mtandao wa mabenki yenyewe ulioanza mwaka 2017, pamoja na kutuma kwa akaunti na kwa nambari ya simu. Kwingineko pesa hupita kwenye mtandao wa kampuni ya kadi, kama Visa Direct. Kwa mtumaji, hatua hazitofautiani sana: nambari ya kadi, kiasi, hakikisha, thibitisha.

Anapoanza kuandika, apu inaweza kuanza kutambua mambo kabla hajamaliza. Tarakimu ya kwanza ikiwa 4, kadi ni ya Visa. 5 au 2 mara nyingi ni Mastercard. Tarakimu sita au nane za mwanzo humtaja aliyetoa kadi, ndiyo maana jina la benki ya mkulima laweza kutokea kwenye kioo ingawa mnunuzi hakuliandika. Zinazofuata ni za kadi yenyewe. Ile ya mwisho kabisa ni ya ukaguzi.

Ukaguzi huo hufuata kanuni ya Hans Peter Luhn, mhandisi wa IBM aliyeomba hataza yake mwaka 1954. Tuchukue nambari inayotumiwa na mafundi kwa majaribio, isiyo ya mtu yeyote: 4111 1111 1111 1111. Anza na tarakimu ya kwanza, ukiruka moja moja, uzidishe kwa mbili: 4 inakuwa 8, na zile 1 saba zinakuwa 2 kila moja, jumla 22. (Zao likizidi 9, toa 9.) Ongeza tarakimu nane zilizorukwa, upate 30. Jumla inagawanyika kwa 10, nambari inapita. Mnunuzi akisikia 7 badala ya 1 pale mwisho, jumla inakuwa 36, na apu inaikataa papo hapo bila hata kuuliza benki.

Kanuni hii hukamata kila kosa la tarakimu moja, na karibu kila kosa la kubadilishana kwa tarakimu mbili zilizo jirani. Lakini ina tundu. Tarakimu ya tisa na ya kumi na moja zikibadilishana mahali, zote mbili bado zinazidishwa kwa mbili, jumla haibadiliki, na nambari potofu inapita. Ikiwa hakuna kadi yenye nambari hiyo, benki ya mpokeaji itaikataa. Ikiwa ipo, pesa zitaingia kwa mwenye kadi hiyo.

Hapo ndipo swali la anachoona mtumaji linapokuwa zito. Watu wa Voi wamezoea M-Pesa, ambako jina la mpokeaji hutokea kabla ya kukamilisha muamala, na jicho limezoea kulitafuta. Katika kadi kwa kadi, jina hilo huenda lisionekane kabisa. Tarakimu za mwanzo humtambulisha aliyetoa kadi, si mwenye kadi. Ili jina litokee, apu lazima iiulize benki ya mpokeaji, na benki hiyo ikubali kujibu. Si kila mfumo una swali hilo. Mahali linapojibiwa, jina huweza kuja limefichwa nusu, jina la kwanza na herufi moja ya ukoo.

Kuna apu nyingine humtaka mtumaji aandike jina la mpokeaji mwenyewe, kisha hulirudisha kwenye ukurasa wa kuthibitisha. Linaonekana kama limehakikiwa, kumbe ni maneno yako yamerudi kwako. Kwangu mimi hili ndilo jambo la kuchunguza kwanza kwenye apu yoyote: jina hili limetoka benki, au nimeliandika mimi?

Ukurasa huo pia huonyesha kiasi, ada, na kadi iliyofunikwa, pengine tarakimu nne za mwisho peke yake. Akaunti ya mkulima na salio lake havionekani. Sasa rudi kwenye zile tarakimu za tisa na kumi na moja. Zinaangukia sehemu iliyofunikwa. Benki ni ileile, nne za mwisho ni zilezile, risiti ni safi, na nambari si yake. Kwa hiyo mnunuzi wetu anamsomea mkulima tarakimu zote kumi na sita kabla ya kubonyeza kuendelea, zikiwa bado wazi kwenye kioo. Akipenda, anatuma shilingi 100 kwanza na kungoja mama aseme zimeingia.

Kuna kosa jingine lisilo la mkono wa mtu. Kadi ikipotea au muda wake ukiisha, benki hutoa nyingine, na mara nyingi nambari hubadilika ingawa akaunti ni ileile. Aliyehifadhi nambari ya zamani kwenye apu atakataliwa, na kama pesa zilishatoka kwake, zitasubiri kurudishwa.

Muamala ukikubaliwa, PesaLink huingiza pesa papo hapo. Kwa Visa Direct, benki ya mpokeaji ikiwa imejiunga na huduma ya haraka, ni ndani ya dakika 30, vinginevyo hata siku mbili za kazi. Zikienda pabaya, benki ya mnunuzi haiwezi kuzichomoa yenyewe kwenye akaunti ya mtu mwingine. Huiandikia benki iliyopokea, nayo humtafuta mteja wake akubali kuzirudisha. Barua hiyo huanzia kwenye nambari ya kumbukumbu iliyo kwenye risiti, pamoja na tarehe, saa na kiasi, kwa hiyo mnunuzi huhifadhi risiti mpaka mkulima athibitishe, na tawi la Voi hupelekewa malalamiko siku hiyohiyo, kabla pesa hazijatolewa.