Hesabu Mapengo Kabla ya Kununua Kasha

Binti wa dada yangu, mwalimu wa sekondari mjini Morogoro, alinitumia picha moja kwa simu na ujumbe huu: "Shikamoo mjomba. Hii ni diski ya laptopu yangu iliyokufa. Nimenunua kasha la USB ili niisome kwenye kompyuta ya shule, lakini haionekani kabisa. Ndiyo imeungua?"

Ndani ya diski ile zilikuwamo alama za wanafunzi wake za miaka mitatu na picha za mazishi ya bibi yake. Nilitaka kumjibu upesi, ila picha yenyewe ilininyima jibu. Ilipigwa kimshazari, mwanga wa kamera ukaimeza nusu ya lebo, na ncha yenye meno ya dhahabu ikabaki nje ya picha. Nilichokiona ni kijibao chembamba, basi. Nikamwomba apige picha tatu: moja ya diski nzima ikiwa kando ya kadi ya benki yenye namba zilizofunikwa, moja ya meno kwa karibu, na moja ya lebo, akiwa dirishani na bila flashi.

Kadi ya benki ni rula nzuri kwa sababu kadi hizo zina kipimo kimoja popote duniani: urefu milimita 85.6 na upana milimita 54. Diski ya kawaida ya laptopu, ile ya bati inayoitwa ya inchi 2.5, ina urefu wa milimita 100 hivi na upana wa 70, kwa hiyo huizidi kadi pande zote. Diski ya kompyuta ya mezani, ya inchi 3.5, ni kubwa kama kitabu kinene. Diski ya mpwa wangu ilikuwa fupi kidogo kuliko kadi, na upana wake haukufika nusu ya kadi. Hapo nikajua ni ya umbo linaloitwa M.2. Namba inayoandikwa kwa kawaida kwenye diski za aina hii, 2280, ni vipimo vyake: upana milimita 22, urefu milimita 80. Zipo pia 2242 na 2230.

Hizo fupi za 2230 huwachanganya watu, kwani kadi ya Wi-Fi ya laptopu nayo mara nyingi huwa na ukubwa huohuo. Ukiona vitufe viwili vidogo vya duara vya shaba, ambako nyaya za antena hubanwa, ujue umeshika kadi ya Wi-Fi, na hakuna faili hata moja ndani yake.

Umbo, hata hivyo, hueleza diski itaingia wapi tu. Halielezi inazungumza lugha gani, na diski za M.2 zina lugha mbili. Ya kwanza ni SATA, ileile inayotumiwa na diski za bati za inchi 2.5. Ya pili ni NVMe, inayopita kwenye njia ya kasi zaidi iitwayo PCIe. Kasha lililotengenezwa kwa NVMe pekee halielewi SATA, na la SATA pekee halielewi NVMe. Diski inaweza kuingia vizuri, ikakaa, ikafungwa skrubu, na kompyuta isione chochote.

Dalili ya lugha hiyo huanzia kwenye meno. Itazame ile safu ya dhahabu kama unavyotazama kinywa cha mtoto aliyeng'oka meno: kuna pengo moja au mawili? Mapengo mawili, moja karibu na kila ukingo, mara nyingi humaanisha SATA. Pengo moja, likiacha meno machache upande mmoja na mengi upande wa pili, mara nyingi humaanisha NVMe.

Mafundi wengi huhesabu pia meno yaliyo kati ya pengo na ukingo wa karibu. Pengo lenye meno 5 ukingoni huitwa M, na lenye meno 6 huitwa B. Lakini hesabu hiyo ni ya upande wa juu pekee, ambako chipu na lebo hukaa kwa kawaida. Ukiigeuza diski, pengo la M lina meno 4 na pengo la B lina 5. Kwa hiyo mtu aliyepigiwa picha ya mgongo akahesabu 5 anaweza kuiita M, kumbe ni B. Ndiyo maana nilimwambia mpwa wangu apige meno upande uleule wenye lebo.

Picha yake ya pili ilionyesha mapengo mawili, meno 6 huku na 5 kule. Basi ni SATA? Sikuthubutu kuapa, kwa sababu zipo diski chache za NVMe zilizochongwa mapengo mawili. Meno hukupa dhana, na lebo ndiyo inayoithibitisha.

Kwenye lebo, usihangaike na jina la kampuni wala ukubwa wa GB, kwani havitofautishi lugha. Tafuta maneno NVMe, au PCIe yakifuatwa na kitu kama Gen3 x4. Hiyo ni lugha ya pili. Ukikuta SATA au 6Gb/s, hiyo ni ya kwanza. Lebo ikikosa yote hayo, chukua namba ya modeli, inayotanguliwa na neno Model au P/N, uitafute kwenye tovuti ya mtengenezaji. Namba ya mfululizo ya diski, inayoanza na S/N, haikusaidii kutambua aina, na ni vyema kuifunika kabla ya kumtumia picha mtu usiyemjua.

Lebo ya mpwa wangu iliandikwa SATA 6Gb/s, kwa herufi ndogo chini ya ule mng'ao wa picha ya kwanza. Nikamwomba anipigie picha boksi la kasha alilouziwa. Lilikuwa limeandikwa NVMe tu. Mwuzaji alikuwa ameangalia umbo, akaona vinaingiliana, akaishia hapo. Na kweli viliingiliana: diski ya mapengo mawili huingia kwenye tundu la M bila kulazimishwa, ndiyo maana kosa hili halijitokezi kwa mkono.

Alirudisha kasha, akaongeza fedha kidogo, akachukua lililoandikwa NVMe na SATA pamoja. Safari hii kompyuta ya shule iliiona diski, kisha ikamdai ufunguo wa BitLocker wenye tarakimu 48. Alifadhaika tena, akidhani amekosea kununua. Nikamweleza kwamba laptopu nyingi za Windows hufunga diski kwa kufuli hilo bila mwenyewe kukumbuka, na kwamba ufunguo mara nyingi huhifadhiwa kwenye akaunti yake ya Microsoft. Aliingia kwenye akaunti kwa simu, akaukuta, akauandika tarakimu baada ya tarakimu.

Picha nzuri itakuambia diski ni ya aina gani na kasha gani linaifaa. Haitakuambia kama diski ni nzima wala kama imefungwa. Hayo utayajua siku utakapoichomeka mahali pake sahihi. Mwalimu wetu alikuwa tayari ameihukumu diski nzima kuwa imeungua, na alitaka kuitupa.