Faili imefika, lakini wanachama hawamo

Waswahili tumesema zamani: mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi daftari limehamia ndani ya kompyuta, nalo lina njia zake mpya za kupotea. Leo, ndugu msomaji, nataka tuitazame njia moja ambayo huwanasa hata watu waangalifu, wale ambao kila usiku hutoa nakala ya hesabu zao na kuipeleka mbali na ofisi.

Kisa chenyewe ni cha chama kimoja cha akiba na mikopo hapa Pwani, ambacho jina lake nalisitiri. Kina wanachama 2,300, wengi wao wachuuzi na waendesha tuktuk. Hesabu zote zilikuwa katika seva moja ofisini, ndani ya hifadhidata ya MySQL. Kila usiku saa nane, programu iitwayo mysqldump ilitoa nakala ya kila kitu, gzip ikaibana, kisha faili ikasafirishwa kwa intaneti hadi kwenye kompyuta nyingine katika mji mwingine. Kijana wa kompyuta aliamka kila asubuhi akatazama simu yake: faili ya jana ipo, ina tarehe sahihi, ukubwa wake ni megabaiti 640 na ushei. Akanywa chai yake kwa amani.

Siku diski ya seva ilipokufa, ilikuwa wiki ya kufungua shule, na watu wamepanga foleni kutoa karo. Kijana hakutishika. Alichukua seva mpya, akaivuta nakala ya usiku uliopita, akaipakia. Haikulalamika. Kisha mweka hazina akaketi kwenye kaunta na kuandika jina la mwanachama wa kwanza.

"Mwanangu, mbona halionekani? Daftari la wanachama liko wapi?"

"Mama, faili nimeipata nzima. Lakini jedwali la wanachama halimo."

Akaunti zilikuwemo, na salio lake kila moja. Miamala ilikuwemo, mikopo ilikuwemo. Lakini pesa zile hazikuwa na wenyewe, kwa sababu jedwali lenye majina, namba za vitambulisho na namba za simu halikuwepo kabisa. Wakarudi nakala ya juzi, ya wiki iliyopita, ya mwezi mzima: zote sawa. Chama kilikuwa kikihifadhi nakala za siku 30 tu, na kasoro ilikuwa na wiki 7. Ikabidi watoe fomu za kujiunga kutoka makabatini na kuandika upya majina 2,300. Kazi ile ilichukua siku 9, na watoto wengi walichelewa shule.

Ilikuwaje? Lazima kwanza tuelewe nakala ya mysqldump ni nini. Ni maandishi matupu: orodha ndefu ya amri za kuumba upya kila jedwali na kulijaza. Programu huyaandika majedwali kwa mpangilio wa alfabeti. Chama hiki kilikuwa na matano: akaunti, miamala, mikopo, nyaraka, wanachama. Hilo la nyaraka lilibeba picha za vitambulisho na hati za dhamana, na ndilo lililoifanya faili iwe nzito.

Wiki 7 kabla, karani alipiga picha ya hati ya shamba kwa skana iliyowekwa ubora wa juu kupita kiasi, ikatoka megabaiti 31. Seva yenyewe iliipokea, kwa kuwa MySQL ya toleo la 8 kwa kawaida hukubali pakiti ya hadi megabaiti 64. Lakini mysqldump ina kikomo chake yenyewe, nacho kisipobadilishwa ni megabaiti 24. Usiku ule ilipofika kwenye ile hati, ilitoa kosa namba 2020 na kusimama hapo hapo. Kilichofuata kialfabeti hakikuandikwa. Na kilichofuata ni wanachama.

Sasa angalia jinsi kila ukaguzi ulivyopita. Tarehe ya faili ilikuwa sahihi, kwa sababu faili ilitengenezwa kweli usiku ule. Ukubwa haukushuka kiasi cha kuonekana: ile hati ilikuwa karibu na mwisho wa jedwali la nyaraka, na majina ya watu 2,300 yakibanwa hayafiki hata megabaiti moja. Kijana alikuwa pia akilinganisha alama ya sha256sum ya pande mbili, nazo zililingana, maana faili mbovu ilisafiri salama ikafika vile vile ilivyo. Hata `gzip -t`, amri ya kupima kama faili iliyobanwa ni nzima, ilisema sawa. Gzip ilipokea maandishi pungufu, ikayabana vizuri, ikafunga kazi yake kwa heshima zote. Ukaguzi wote huo hujibu swali moja tu: je, kilichoondoka ndicho kilichofika? Hakuna hata mmoja unaouliza kama kilichoondoka kilikuwa kamili.

Na kosa lenyewe liliripotiwa wapi? Amri ya usiku ilikuwa mysqldump ikimimina ndani ya gzip. Katika mmiminiko wa namna hiyo, kompyuta huchukua jibu la programu ya mwisho peke yake. Gzip ilisema nimefaulu, basi kazi yote ikahesabiwa imefaulu. Maneno ya kosa yalikwenda katika barua pepe ya ndani ya seva, ambayo hakuna aliyewahi kuifungua. Jambo hili si la vyama vidogo tu. Januari 31, 2017, kampuni ya GitLab ilifuta kwa bahati mbaya data ya hifadhidata yake kuu, na ilipokimbilia nakala zake za kila siku ikakuta hazipo. Programu ya kuzitoa ilikuwa ya toleo lisilolingana na hifadhidata, ikawa inashindwa kila mara, na barua pepe za kuonya zilikuwa zikikataliwa njiani. Waliokolewa na nakala nyingine ya diski iliyochukuliwa takriban saa 6 kabla.

Marekebisho ya amri ni mepesi:

```
set -o pipefail
mysqldump --single-transaction --routines --events \
  --max-allowed-packet=512M chama | gzip > chama.sql.gz \
  || echo "NAKALA IMEFELI"
```

Mstari wa kwanza huifanya kazi nzima ihesabiwe imeshindwa ikiwa programu yoyote katika mmiminiko imeshindwa. Badala ya `echo`, weka amri ya kumtumia mtu ujumbe kwenye simu. Lakini usitosheke hapo. Umeziba tundu moja unalolijua. Yale usiyoyajua yataonekana kwa kurejesha nakala kweli kweli.

Kurejesha kwa majaribio hufanywa hivi. Chukua kompyuta nyingine, isiyo seva ya kazi. Ivute faili kutoka kule mbali ilikohifadhiwa, si kutoka ofisini, kwa kuwa siku ya msiba ofisi haitakuwepo. Kama faili imefungwa kwa ufunguo wa siri, uutafute ufunguo nje ya seva. Wako wengi ambao ufunguo wao umo ndani ya seva ile ile iliyokufa. Kwa nini nasisitiza kompyuta nyingine? Nakala iliyotolewa kwa chaguo la `--databases` hubeba ndani yake jina la hifadhidata ya asili. Ukiipakia katika seva ya kazi, hata ukitaja jina la majaribio, yaweza kuifuta data hai na kuweka ya zamani. Ikate pia kompyuta hiyo na huduma ya ujumbe mfupi, usije ukawatumia wanachama vikumbusho vya mikopo waliyokwisha kulipa.

Kisha pakia:

```
set -o pipefail
mysql -e "CREATE DATABASE jaribio"
gunzip -c chama.sql.gz | mysql jaribio
```

Ikimaliza bila kosa, usishangilie. Nakala iliyokatika huweza kupakiwa mpaka mwisho kimya kimya, kama ilivyokuwa kwa kijana wetu. Lazima uiulize maswali:

```
SELECT COUNT(*) FROM wanachama;
SELECT MAX(tarehe) FROM miamala;
SELECT SUM(kiasi) FROM miamala
  WHERE tarehe < '2025-03-10';
```

Swali la kwanza peke yake lingemwokoa. Lingerudisha kosa 1146, kwamba jedwali hilo halipo, katika wiki ya kwanza badala ya ya saba. La pili hukamata ugonjwa mwingine, wa faili ya zamani kupewa jina la leo: kama muamala wa mwisho ni wa wiki mbili nyuma, nakala yako imeganda. La tatu huhitaji kitu cha kulinganisha. Usililinganishe na seva hai ya asubuhi, kwani watu wameshaweka na kutoa tangu usiku. Funga hesabu kwenye tarehe iliyopita, tarehe ya majaribio yenyewe ukiibadilisha ipasavyo, kisha chukua taarifa ya kufunga siku ile ambayo mweka hazina aliichapisha na kutia sahihi. Jumla zikitofautiana hata kwa shilingi moja, pana jambo la kutafutwa.

Baada ya hapo, fungua programu yenyewe ya chama juu ya nakala hiyo, na umpe mweka hazina atafute mwanachama anayemjua, amtolee taarifa ya akaunti. Hatua hii huonyesha kile ambacho hesabu ya mistari haikionyeshi. Kwa mfano, taratibu za kukokotoa gawio zilizohifadhiwa ndani ya MySQL haziingii katika nakala bila ya lile chaguo la `--routines` nililoliweka juu. Majedwali yote yatakuwepo, kisha siku ya gawio kitufe hakifanyi kazi.

Pima pia muda, tangu kuvuta faili hadi taarifa ya kwanza kutoka. Kama ni saa 6, mwenyekiti ajue mapema kwamba kaunta itafungwa siku nzima. Ukimaliza, futa nakala ya majaribio. Ni majina na madeni ya watu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 haitofautishi kati ya data iliyovuja kutoka seva ya kazi na iliyovuja kutoka kompyuta ya majaribio.

Upakiaji na yale maswali matatu yaweza kufanywa na kompyuta yenyewe kila wiki. Kuketi na mweka hazina, mara moja kwa mwezi kunatosha, na mara nyingine kila toleo la MySQL au programu ya chama linapobadilishwa. Kumbuka tu kwamba nakala ya saa nane usiku, hata ikiwa kamili, haina kilichowekwa kaunta mchana wa leo; kwa hicho, stakabadhi za karatasi bado zina kazi.

Chama kile sasa kina daftari dogo karibu na seva. Kila Jumatatu huandikwa tarehe ya nakala, idadi ya wanachama, muamala wa mwisho, jumla, dakika zilizotumika, na sahihi mbili. Ukubwa wa faili hawauandiki tena.