Maiti ya Kwenye Gemu Inapokataa Kutulia

Anayecheza gemu za risasi ameshaiona. Adui amepigwa, ameanguka chali na hadithi yake imekwisha, lakini mkono mmoja bado unatetemeka kana kwamba umeshika waya wa umeme. Mara nyingine ni mwili mzima unaojikunja, unajinyoosha, kisha unafyatuka hadi darini. Wachezaji hucheka na kusambaza video. Aliyeitengeneza gemu hacheki.

Akiwa hai, mhusika wa gemu hufuata miondoko iliyoandaliwa na wasanii. Akifa, miondoko hiyo hukatwa na mwili hukabidhiwa hesabu za fizikia, ili uanguke kufuatana na ngazi, ukuta au shimo lililopo. Kuanzia hapo ni mwanasesere wa matambara. Katika programu ya Unity, mwanasesere wa kawaida ana vipande 11: nyonga, kifua, kichwa, na viwili kwa kila mkono na kila mguu. Vipande hivyo hushikwa na viungo, na kila kiungo kina vikomo vyake. Goti lisikunjike kwenda mbele, shingo isizunguke kama ya bundi.

Tatizo linaanzia kwenye namna kompyuta inavyotimiza masharti hayo. Haiyatimizi yote kwa mpigo. Inarekebisha kiungo kimoja, inakwenda cha pili, cha tatu, kisha inarudi mwanzo. Thomas Jakobsen, aliyetengeneza fizikia ya gemu ya Hitman: Codename 47 iliyotoka mwaka 2000, alitumia mzunguko wa aina hii, na mwaka uliofuata akawaeleza watengenezaji wenzake kwenye mkutano wao huko San Jose, Marekani. Mpaka leo wazo hilo linatumika sana. Unity, usipoibadilisha, hupitia masharti mara 6 katika kila hatua ya sekunde 0.02. Kosa linapungua kila duru, na macho ya mchezaji hayaoni kilichobaki.

Ila kupungua huko kunategemea jambo moja: liwepo pozi linaloyaridhisha masharti yote. Tuchukue mkono wa kulia. Kikomo cha bega kinasema mkono usiachane na ubavu zaidi ya digrii 20. Kikomo cha kiwiko kinasema mkono ubaki umekunjwa, usinyooke kabisa. Halafu kuna kigasha, yaani kuanzia kiwiko hadi kiganja, ambacho fizikia inakiona kama kidonge kinene. Na kwa unene huo, kikikunjwa kinaingia ndani ya sanduku la kifua. Kanuni ya migongano inasema vitu viwili visiingiliane. Kigasha kinasukumwa nje, bega linakirudisha, kiwiko kinakatalia katikati. Duru ya sita inapokwisha, aliyepitiwa mwisho ndiye aliyeshinda, na waliobaki wanaanza hatua inayofuata wakiwa na deni. Huko ndiko kutetemeka.

Kulipuka ni deni hilohilo likiwa kubwa. Tuseme mhusika amekufa huku mkono wake umevuka kikomo kwa digrii 30, kwa sababu msanii aliyechora miondoko hakuvijua vikomo vya fizikia. Kosa hilo likirekebishwa lote ndani ya hatua moja, mkono utazunguka kwa kasi ya digrii 1,500 kwa sekunde, zaidi ya mizunguko minne. Kasi hiyo haipotei. Inavuta kifua, kifua kinavuta kichwa, na mwili unaruka. Ndiyo maana injini nyingi hurekebisha sehemu tu ya kosa kwa kila hatua.

Wengi hukimbilia kuongeza duru, kutoka 6 hadi 20 au zaidi. Kama dawa ni dhaifu, ila kama kipimo ni kizuri sana. Mtetemeko ukipungua, hesabu ilikosa muda tu. Huenda kipande kimoja kina uzito mara kumi ya jirani yake. Usipopungua, masharti yanapingana, na hata duru elfu hazitayapatanisha. Kipimo cha pili: ondoa mvutano wa dunia. Mwili unaoendelea kutetemeka ukielea hewani, bila kugusa sakafu, unagombana na nafsi yake.

Sasa washa michoro ya maumbo ya migongano utazame yanapopishana. Kwa mkono wetu, punguza unene wa kidonge, au amuru vipande hivyo viwili visigongane:

```
Physics.IgnoreCollision(kigasha, kifua);
```

Kisha legeza pembe. Mwongozo wa Unity unaonya kuwa vikomo vyembamba mno huyumbisha kiungo, na unashauri visipungue digrii 5 hadi 15 hivi. Kama hutaki kiungo kigeuke upande fulani, afadhali uufunge kabisa kwa kuweka sifuri. Kupunguza kasi ya vipande kusukumana, kwa `maxDepenetrationVelocity`, kutazuia mwili usifike darini, lakini mkono utaendelea kutetemeka hadi sharti mojawapo liondolewe.