Ujumbe wa Alfajiri kwa Bwana Harusi

Katika ndoa nyingi za Kiislamu za pwani yetu, Tanga, Mombasa au Unguja, bwana harusi ana kazi moja tu siku ya akdi, nayo haichukui hata dakika moja. Anakaa chini msikitini, ana kwa ana na walii wa bibi harusi au shehe aliyepewa uwakala. Khutba ya ndoa inasomwa, wanashikana mikono ya kulia, kisha anaambiwa: nimekuoza fulani binti fulani kwa mahari kadhaa. Hapo anatakiwa ajibu kwamba amekubali. Bibi harusi hayupo, yuko kwao pamoja na wanawake. Waliopo ni wazee, majirani, wakwe na vijana walionyanyua simu kurekodi, na wote wamenyamaza wakisubiri sauti yake.

Kinachomtisha bwana harusi asubuhi ya siku hiyo mara nyingi ni hayo maneno machache. Ataigugumia sentensi? Atataja jina visivyo? Sauti itatoka? Hofu hiyo huanzia mwilini. Moyo unakwenda mbio, mdomo unakauka, viganja vinalowa jasho, chai haipiti kooni. Swahiba wake, yule atakayekaa ubavuni kwake msikitini, analiona hilo kabla ya mtu mwingine yeyote, na siku hizi silaha yake ya kwanza ni simu.

Bahati mbaya jumbe nyingi zinazotumwa asubuhi hiyo hazimsaidii. Kuna picha ya maua yenye dua ambayo imeshapita kwenye makundi kumi. Kuna "hongera kaka, leo ni leo", maneno yanayomkumbusha kile kile anachojaribu kukisahau. Kuna mzaha wa kuingia jela, ambao mtu mwenye hofu anausoma kama onyo. Na kuna agizo la "tulia", ambalo ndilo gumu kuliko yote, maana mwili uliokwisha kuwaka hauzimwi kwa amri. Mtafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard, Alison Wood Brooks, alichapisha mwaka 2014 majaribio aliyowafanyia watu waliokuwa karibu kuimba, kuhutubia au kufanya hesabu mbele ya wengine. Waliojiambia kwamba wana hamasa na jambo lenyewe walifanya vizuri kuliko waliojiambia watulie. Sababu ni nyepesi kueleweka: hofu na hamasa zote zinaupeleka moyo mbio, kwa hiyo kuvuka kutoka moja kwenda nyingine ni hatua fupi kuliko kuvuka kutoka hofu hadi utulivu.

Sasa tuuangalie ujumbe unaofanya kazi. Tuseme akdi ni saa nne asubuhi, na swahiba anaandika hivi:

"Assalaam alaykum ndugu yangu. Najua hukulala vizuri, ndivyo anavyokuwa mtu aliyesubiri jambo lake kwa hamu. Kanzu na joho viko kwangu, vimeshapigwa pasi. Bahasha ya mahari anayo mjomba. Gari litakuwa mlangoni kwenu saa tatu na nusu, na simu zote za leo ziletwe kwangu. Pale neno lako ni moja: nimekubali kumuoa kwa mahari tuliyoafikiana. Shehe atakutamkisha. Ukikwama, shusha pumzi, atarudia, hakuna kitakachoharibika. Mimi nitakuwa kuliani kwako. Mzee alipolazwa mwaka jana, ulikuwa unatoka zamu ya usiku unampelekea uji kwanza ndipo ukalale. Mtu wa namna hiyo ndiye anayeoa leo. Usinijibu. Oga, unywe chai na kitu cha kutafuna, nakuja."

Ujumbe huu haukumwambia kwamba hana sababu ya kuogopa. Umeitambua hali yake na kuiita hamu. Kisha umemwondolea vitu vitatu ambavyo vingemzunguka kichwani: nguo, mahari na usafiri. Hapa swahiba lazima awe amehakikisha kweli. Akiandika kwamba bahasha iko kwa mjomba na mjomba hana habari, saa nne kasorobo itakuwa fujo mbele ya wakwe.

Sehemu yenye uzito zaidi ni ile ya maneno ya akdi, nayo inataka ujuzi kidogo. Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani, nguzo za ndoa ni tano: mume, mke, walii, mashahidi wawili, na matamshi ya kuozesha na kukubali. Jibu linatakiwa lifuatane na tamko la walii bila mwanya mrefu wala maneno ya kando, na hapo ndipo vijana wengi wanapoingiwa na wasiwasi kwamba wakimeza mate tu ndoa imeharibika. Sivyo. Pumzi moja haivunji kitu, na aliyekosea hutamkishwa upya. Wengine husomeshwa kwa Kiarabu, wengine kwa Kiswahili, na lugha yoyote inayoeleweka na wahusika inatosha. Kwa hiyo swahiba mwema humuuliza shehe siku moja kabla: atatumia lugha gani, na maneno yenyewe ni yapi? Kisha huyaandika kwenye ujumbe kama yatakavyosemwa. Bwana harusi akiyasoma mara mbili tatu kwa sauti akiwa chumbani, ulimi wake utayafikia msikitini umeshayazoea.

Tukio la uji nalo halikuwekwa kwa mapambo. Sifa za jumla kama "wewe ni jasiri" hazishiki, kwa sababu mwenye hofu anajiona si jasiri. Jambo alilolifanya mwenyewe hawezi kulikana.

Lakini si kila hofu ni ya kutulizwa kwa ujumbe. Justin Lavner na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, waliziuliza jozi 232 za wanandoa wapya, mume na mke kila mmoja peke yake, kama waliwahi kusita kabla ya kufunga ndoa. Katika matokeo yao ya mwaka 2012, wanaume 47 katika kila 100 walisema ndiyo, na wanawake 38. Kusita kwa mwanamume, basi, ni jambo la kawaida mno. Hata hivyo, baada ya miaka minne, wanawake waliokuwa wamesita walikuwa wameachika zaidi kuliko wenzao. Swahiba asikilize hofu inahusu nini. Kama ni watu, maneno, kanzu au mahari, ujumbe unatosha. Kama bwana harusi anamtaja mwanamke mwenyewe, anasema hakumtaka au amelazimishwa na wazee, acha kuandika, nenda kwao ukakae naye faragha, kisha mtafuteni mzee anayemsikiliza. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inataka ridhaa ya hiari ya wote wawili, na akdi inaweza kuahirishwa hata asubuhi hiyo hiyo, aibu yake ikapita.

Muda nao una hesabu yake. Baada ya sala ya alfajiri simu bado iko mikononi mwake. Ikifika saa mbili itakuwa inapokewa na shangazi au mdogo wake, na ujumbe unaweza kusomwa kwa sauti sebuleni. Kwa hiyo usiandike humo siri, wala jina la mchumba wa zamani, wala deni la harusi.

Uandike usiku ukiwa na akili iliyotulia, uutume alfajiri, kisha vaa kanzu yako uende kwao mapema. Uliahidi kwamba utakuwa kuliani kwake.