Wawili, Kampuni Moja: Someni Katiba Kabla ya Kusaini

Ukienda kwa wakili kusajili kampuni, mara nyingi utakuta katiba iliyokwisha kuandikwa inakungoja. Jina lenu litapachikwa, hisa zitagawanywa, mtasaini ukurasa wa mwisho mbele ya shahidi, na nyaraka zitapandishwa kwenye mfumo wa BRELA. Wengi hufika kwenye cheti cha usajili bila kusoma hata ukurasa mmoja wa walichosaini. Kwa kampuni ya watu ishirini hilo ni uzembe tu. Kwa kampuni ya watu wawili ni hatari, maana wakishagombana hakuna wa tatu wa kuamua. Kitakachoamua ni hayo makaratasi.

Tuchukue wawili wanaotaka kukamua mafuta ya alizeti Singida. Mmoja ana fedha, mwingine ni fundi anayeijua mashine ya kukamulia nje ndani. Wameafikiana mtaji wa hisa uwe shilingi 10,000,000, uliogawanywa katika hisa 1,000 za shilingi 10,000 kila moja. Mwenye fedha anachukua hisa 600, fundi 400.

Kinachoitwa katiba ya kampuni ni hati mbili zilizofungwa pamoja. Ya kwanza ni memorandamu, nayo husema na watu wa nje: jina la kampuni, shughuli zake, kiasi cha mtaji wa hisa, na kwamba dhima ya wanahisa ina ukomo. Benki ikiombwa mkopo huanzia hapo. Msiandike mtaji wa mamilioni mia tano ili muonekane wakubwa, kwa sababu ada ya usajili hupanda kadiri mtaji unavyopanda, na kuna jambo jingine zito zaidi.

Ukomo wa dhima haumaanishi kwamba mwanahisa hadaiwi kitu. Unamaanisha kwamba hadaiwi zaidi ya thamani ya hisa alizochukua. Fundi wetu akisaini hisa 400, ameahidi kuipa kampuni shilingi 4,000,000. Akilipa milioni moja na kampuni ikafilisika, anaweza kudaiwa kwa niaba ya wadai ile milioni tatu iliyobaki. Atasema, “Lakini nilileta mashine na nguvu zangu!” Neno hilo halitamsaidia kama mashine haikuhesabiwa. Kama analipia hisa kwa mashine badala ya fedha taslimu, iandikiwe mkataba unaotaja thamani yake, na BRELA ijulishwe kwamba hisa hizo zimelipiwa kwa mali.

Hati ya pili ni kanuni za ndani, na hapa ndipo penye uzito. Hizi hupanga nani anaitisha mkutano, akidi ni watu wangapi, kura zinahesabiwaje, na hisa zinauzwaje. Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002 ina kielelezo chake cha kanuni, kiitwacho Jedwali A. Nakala nyingi zinazozunguka kwa mawakili zimetokana nacho au zinafanana nacho.

Sasa tuhesabu kura. Mambo mengi ya kampuni hupita kwa azimio la kawaida, yaani zaidi ya nusu ya kura zilizopigwa. Mwenye hisa 600 analo hilo peke yake. Lakini kubadili katiba kunahitaji azimio maalumu, yaani robo tatu ya kura, na mkutano wake hutangazwa siku 21 kabla. Hisa 600 kati ya 1,000 hazifiki. Kwa hiyo fundi mwenye 400 hawezi kuamua chochote peke yake, ila anaweza kuzuia katiba isiguswe. Ana breki, hana usukani.

Breki hiyo nayo ina mwanya. Robo tatu huhesabiwa kwa kura zilizopigwa mkutanoni, si kwa hisa zote za kampuni. Kuna kifungu kinachopatikana katika nakala nyingi: akidi isipotimia, mkutano unaahirishwa hadi wiki inayofuata, na siku hiyo atakayehudhuria ndiye akidi. Fundi akiwa safarini Kahama, mwenzake anaweza kukaa peke yake, akapiga kura 600 kati ya 600, na katiba ikabadilika. Kifungu hicho kikifutwa kabisa, tatizo linageuka upande wa pili: anayenuna akikataa kuhudhuria, kampuni haifanyi mkutano, na njia inayobaki ni kwenda mahakamani. Mimi ningeandika kwamba mkutano ulioahirishwa uweze kuamua mambo ya kawaida, lakini usiguse katiba wala hisa bila wote wawili kuwapo.

Je, wakigawana nusu kwa nusu, 500 kwa 500? Wengi huona hiyo ndiyo haki yenyewe. Tazameni kifungu cha mwenyekiti. Kwa utaratibu wa Jedwali A, kura zikilingana, mwenyekiti ana kura ya pili ya uamuzi. Aliyetajwa kuwa mwenyekiti hana nusu tena, ana kampuni. Ama mfute kura hiyo na kuandika kwamba mgogoro utapelekwa kwa msuluhishi, ama mpeane uenyekiti kwa zamu ya mwaka mmoja mmoja.

Yapo mambo ambayo katiba haiwezi kuyashinda. Hata ikiandikwa kwamba fundi ni mkurugenzi wa maisha, sheria inaruhusu wanahisa kumwondoa mkurugenzi kwa azimio la kawaida, na mwenzake anazo kura hizo. Waingereza, ambao sheria yetu imerithi mengi kwao, walipata njia ya kuuzunguka ugumu huu. Kaka na dada zake wawili walikuwa na kampuni ya nyumba za kupangisha, kila mmoja hisa 100. Katiba yao ilisema kura ikipigwa ya kumwondoa mkurugenzi, hisa zake mwenyewe zihesabiwe mara tatu. Dada walipotaka kumwondoa kaka yao walikuwa na kura 200, yeye akawa na 300. Mwaka 1970 mahakama ya juu kabisa ya Uingereza ilisema kifungu hicho ni halali. Hukumu hiyo haizifungi mahakama zetu, lakini ni hoja ambayo wakili anaweza kuisimamia. Kwa fundi wetu, 400 mara tatu ni 1,200 dhidi ya 600, na mwenzake hana robo tatu ya kukifuta.

La mwisho ni kifo, ambalo kwetu watu hawapendi kulitaja mezani. Mwanahisa akifariki, hisa zake huangukia mirathi, na msimamizi wake atakuja kubisha hodi. Bila kifungu mahususi, aliyebaki anaweza kujikuta anabishana na wajane na watoto kuhusu mashudu na bei ya alizeti, au wafiwa wakashikilia hisa zisizowapa kitu. Andikeni kwamba hisa zinazouzwa au kurithiwa zitolewe kwanza kwa mwanahisa aliyebaki, kwa bei itakayopangwa na mkaguzi wa hesabu wa nje, na zilipwe ndani ya muda uliotajwa. Bila kutaja nani anapanga bei, kifungu hicho kitazaa kesi.

Kumbukeni pia kwamba yeyote anaweza kulipa ada na kuisoma katiba yenu BRELA. Mambo ya siri, kama posho na mgawanyo wa kazi, wekeni kwenye mkataba wa wanahisa wa pembeni, mkijua kwamba unawafunga waliousaini tu. Kabla ya kusaini, mwombeni wakili nakala, mwende nayo nyumbani, na kila mmoja aisome akijiweka upande wa mwenzake.